Neno "Spika" lina mizani ngapi? Uchambuzi wa ubeti mmoja kutoka Mpwapwa

Shairi liliandikwa Mpwapwa na mzee mmoja mkulima, likaletwa Dodoma mjini kuhaririwa kabla kikundi cha ngonjera hakijalighani mbele ya wageni. Ubeti wa kwanza ulikuwa hivi:

Spika wetu wa Bunge, twakuletea salamu,
Wa Mpwapwa si wanyonge, jembe kwetu si la zamu,
Zabibu nazo zijenge, maisha yawe matamu,
Na treni tusiipinge, imetufikia humu.

Mizani, yaani hesabu ya silabi, ni ile ya kawaida: nane katika ukwapi, nusu ya kwanza ya mstari, na nane katika utao, nusu ya pili. Kina cha kati ni "nge", cha mwisho ni "mu". Mhariri, binti aliyesomea fasihi, alipofika mwisho wa ukwapi wa kwanza alipigia mstari wa penseli na kuandika pembeni: saba. Spi-ka-we-tu-wa-bu-nge. Mzee alipoulizwa alighani mstari huo huku akikunja vidole, na vidole vikatoka vinane. Akarudia, vikatoka vinane tena.

Binti hakuwa na la kusema kuhusu vidole vya mzee, ila alikuwa na ushahidi mwingine. Katika ubeti wa tatu mzee huyohuyo ameandika ukwapi huu: "Hata stendi tuichunge". Hapo hesabu ni nane ikiwa tu "stendi" ina mizani mbili: ha-ta-ste-ndi-tu-i-chu-nge. "Babu," akamwambia, "kama s ya Spika unaihesabu, mbona s ya stendi umeiacha?" Mzee akasema yeye hahesabu s, anahesabu anachokisikia. Ndipo karatasi ikaletwa kwangu, kwa kuwa nafundisha isimu na wote wawili huniita Mwalimu.

Dai langu ni kwamba mzee hakujipinga. Hesabu zake zote mbili zinafuata kanuni moja, na kanuni hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini lugha inakubali konsonanti fulani zifuatane na kuzikataa nyingine.

Sauti za lugha hazivumi sawasawa. Ukitamka "a" kinywa kiko wazi, nyuzi za sauti zinatetema, na mlio unafika mbali. Ukitamka "t", njia ya hewa inafungwa kabisa, na kwa kitambo kidogo hakuna mlio wowote. Katikati ya hizo mbili sauti nyingine zinajipanga kwa ngazi. Chini kabisa ni vipasuo kama p, t, k, b, d, g. Juu yake ni vikwamizo kama s, f, z. Kisha nazali, m na n. Kisha l na r. Kisha w na y. Juu kabisa ni irabu. Kwa urahisi wa kuhesabu nitazipa namba kuanzia 1 kwa vipasuo hadi 6 kwa irabu, na kipimo chenyewe nitakiita mvumo. Namba hizi hazipimi nguvu ya sauti kwa mashine. Zinaonyesha mpangilio tu, nani yuko juu ya nani.

Kanuni inasema hivi: ndani ya silabi moja mvumo hupanda kuelekea kilele, kisha hushuka. Kilele kwa kawaida ni irabu. Basi konsonanti mbili zikitangulia irabu, ya kwanza inatakiwa iwe na mvumo mdogo kuliko ya pili. Wazo hili ni la zamani. Eduard Sievers alilieleza mwaka 1881, Otto Jespersen akalipanga kwa ngazi zilizo wazi zaidi mwaka 1904, na baadaye Elisabeth Selkirk mwaka 1984 na George Clements mwaka 1990 wakalifanya kuwa sehemu ya nadharia ya silabi tunayoitumia leo.

Tuijaribu kwenye ubeti wetu. "Kwetu" ni 1-5-6-1-6. Mvumo unapanda kutoka k hadi w hadi e, unashuka kwenye t, unapanda tena kwenye u. Vilele ni viwili, mizani mbili. "Treni" ni 1-4-6-3-6, vilele viwili, na t kwenda r ni kupanda safi. "Zabibu" haina la kujadili. Sasa "Mpwapwa", likitamkwa peke yake: 3-1-5-6-1-5-6. Hapa m iko mwanzoni kabisa, na jirani yake wa pekee, p, yuko chini yake. Kwa hiyo m imesimama juu peke yake, nayo ni kilele. Vilele vinakuwa vitatu, m-pwa-pwa, na kila mshairi wa Kiswahili tangu zamani angehesabu mizani tatu bila kufundishwa ngazi ya mvumo. Vivyo hivyo "mtu", "mke", "mpya". Mkazo nao unathibitisha: Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na katika "mtu" mkazo unaiangukia m.

Tukiandika "Spika" kwa namba tunapata 2-1-6-1-6, na hapo ndipo mgogoro ulipo. S ina mvumo wa 2, p ina 1. Kutoka s kwenda p ni kushuka, na mbele ya s hakuna kitu. Basi s imesimama mahali palepale m ya "Mpwapwa" iliposimama, kwenye kilele kidogo cha peke yake. Kwa hesabu ya vilele, "Spika" ina vilele vitatu. Vidole vya mzee vinasema kweli.

Lakini sasa andika "hata stendi" kama inavyotamkwa kwa mfululizo, bila kupumua kati ya maneno: h, kisha 6-1-6, kisha s na t, yaani 2-1, kisha 6 na kuendelea. S hapa ina "a" ya "hata" mgongoni. Mvumo unatoka 6, unashuka 2, unashuka 1, ndipo unapanda kwenye "e". S iko kwenye mteremko, si kwenye kilele. Haina kilele, haina mizani. S ya stendi haikuachwa kwa uzembe. Katika mstari huo hakukuwa na cha kuhesabu.

Tofauti ya mistari miwili basi haitokani na neno, inatokana na nafasi. "Spika" limeanza mstari, "stendi" limetanguliwa na irabu.

Binti alisikiliza, akauliza swali linalostahili: kama s ya mwanzo wa mstari ni kilele, mbona yeye hasikii silabi tatu? Yeye akisema "Spika" anasikia mbili. Wanafunzi wenzake wote wanasikia mbili. Hapo lazima tuongeze jambo ambalo kanuni ya mvumo peke yake hailisemi, nalo ni kwamba kuwa kilele hakutoshi kukufanya kiini cha silabi. Kila lugha ina kiwango chake cha chini. Kiswahili kinaruhusu irabu, na kinaruhusu nazali, ndiyo maana tuna "mtu" na "nchi". S imekaa ngazi moja chini ya nazali, na Kiswahili hakiipi nafasi hiyo. Wapo wanaoipa. Katika Kiberiberi cha Tashlhiyt, huko Morocco, kuna maneno yasiyo na irabu hata moja, na François Dell na Mohamed Elmedlaoui walionyesha mwaka 1985 kwamba hata s au t inaweza kuwa kiini cha silabi pale inapokuwa na mvumo mkubwa kuliko majirani zake. Mzee wetu si Mberiberi.

Kwa hiyo s ya "Spika" mwanzoni mwa mstari iko katika hali isiyopendeza: ni kilele, lakini haifai kuwa kiini. Msemaji ana njia mbili. Anaweza kuiacha ining'inie nje ya silabi, ikazomea kidogo kisha "pi" ianze. Au anaweza kuipa irabu ya kuiegemeza, iwe "si". Wa kwanza atasema "Spika" na kuhesabu mbili. Wa pili atasema "Sipika" na kuhesabu tatu. Nilimwomba mzee aghani tena, nikamrekodi kwa simu, nikafungua rekodi kwenye Praat, programu ya bure ya kuchambua sauti iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam.

Ukitaka kuangalia jambo hili mwenyewe, huhitaji utaalamu mkubwa. Kwenye picha ya sauti, s huonekana kama wingu zito lililojaa sehemu ya juu, kwa sababu mzomeo wake uko kwenye masafa ya juu. P huonekana kama nafasi tupu, maana midomo imefungwa, ikifuatiwa na mpasuko mwembamba. Irabu huonekana kama milia ya kulala, mieusi, yenye mapigo ya nyuzi za sauti yaliyopangana kwa usawa. Swali ni moja tu: kati ya wingu la s na utupu wa p, je, kuna milia? Kwa binti hapakuwa na kitu, wingu liliishia kwenye utupu moja kwa moja. Kwa mzee milia ilikuwepo, mifupi kuliko ya "i" iliyofuata p, lakini haina utata. Alikuwa akisema "Sipika" na akiandika "Spika", kwa kuwa ndivyo neno linavyoandikwa magazetini.

Kuna mtego hapa. Irabu i ikibanwa kati ya s na p inaweza kutamkwa kwa mnong'ono, nyuzi za sauti zisitetemeke, na milia yake isionekane ingawa kinywa kilipita katika umbo la i. Ukiona wingu la s limerefuka kupita kawaida na sehemu yake ya mwisho imebadilika rangi, usikimbilie kusema hakuna irabu. Msikilize msemaji huyo akilitamka polepole, kisha kwa kuimba, ulinganishe.

Kisha nikamwomba mzee aseme maneno ambayo kila Mtanzania aliyewahi kusikiliza kikao cha Bunge redioni anayajua: "Mheshimiwa Spika". Akayasema kwa mwendo wa kawaida, bila kujua natafuta nini. Milia haikuwepo. Wingu la s lilitoka kwenye "a" ya "Mheshimiwa" likaingia kwenye utupu wa p, sawasawa na la binti. Ulimi uleule, neno lilelile, lakini safari hii s ilikuwa na irabu mgongoni, imekaa kwenye mteremko, haikuhitaji kuegemezwa. Ukwapi wa "hata stendi" nao ukatoka hivyohivyo. Kwangu huo ndio ushahidi mzito kuliko yote katika kisa hiki, kwa kuwa unaonyesha kwamba mzee hana tatizo na s kufuatana na p. Ana tatizo na s iliyoachwa kileleni.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini irabu ya msaada ikae baada ya s na si kabla yake. Wahispania wakikutana na st ya mwanzo huweka irabu mbele: kituo cha treni kwao ni "estación". Waarabu hufanya jambo la namna hiyohiyo, na ile "i" ya mwanzo katika vitenzi vya Kiarabu vya umbo la "ista-" ni irabu ya kuegemeza, imewekwa ili s na t zisianze neno pamoja. Kwa nini basi mzee hasemi "Ispika"? Kwa sababu irabu ikitangulia, s inafunga silabi: is-pi-ka. Kihispania na Kiarabu vimezoea silabi zinazofungwa na konsonanti. Kiswahili kinapenda silabi iishie na irabu, na lugha jirani za Kibantu za kanda ya kati ni hivyohivyo. Irabu ikiwekwa ndani, "si-pi-ka", kila silabi inabaki wazi.

Kuna ushahidi wa kihistoria unaonifurahisha kuliko hata ule wa Praat. Kiswahili kilipochukua maneno ya Kiarabu ya umbo hilo la "ista-", mengi yaliyotumika sana yalidondosha ile "i". "Stahili" na "starehe" ni mifano. Yaani Waarabu waliongeza irabu ili kukwepa st mwanzoni, na Waswahili wakaiondoa, wakaona heri neno lianze na st kuliko lianze na silabi iliyofungwa na s. Maneno ya kisomi kama "istilahi" yalibaki na irabu yake, lakini hayo ni maneno ya vitabuni. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba s kutangulia kipasuo ni jambo lililoletwa na "stesheni" na "stempu". Mlango huo ulikuwa wazi kabla.

Hapo inajitokeza hali ya ajabu ambayo wanafunzi wangu huipinga kila mwaka, na wana haki. Angalia maneno ya Kiingereza yaliyoingia zamani kwa njia ya masikio. "Dereva" limevunja d na r kwa irabu, ingawa d kwenda r ni kupanda safi, 1-4, bila kosa lolote kwa kanuni ya mvumo. "Buluu" limevunja b na l. "Kilabu" limevunja k na l, na kila mtu wa Dodoma anajua kilabu ni mahali pa pombe ya kienyeji, huku "klabu" ya mpira, iliyotoka kwenye neno hilohilo, ikiingia baadaye bila kuvunjwa. Lakini "spana", "stima" na "skuli" ya Zanzibar, ambazo zinavunja kanuni, zimeandikwa bila irabu ya kati. Inakuwaje lugha ikarabati mfuatano mzuri na kuacha ulio mbaya?

Sehemu ya jibu ni kwamba kanuni ya mvumo haitoi ruhusa. Inapanga foleni. Inasema mfuatano upi ni rahisi kuliko upi, kisha kila lugha inaamua itasimama wapi kwenye foleni hiyo. Maneno ya asili ya Kiswahili yanasimama mbele kabisa: konsonanti ya pili lazima iwe w au y, kama katika "kwetu", "twa", "pya", "fyeka". R na l hazikuruhusiwa kuwa za pili. Ndiyo maana "dereva" likavunjwa. Baadaye lango likashuka ngazi moja, r na l zikaingia, tukapata "treni", "klabu", "bluu". Halikuruka. Kipasuo kikifuatiwa na nazali bado kinatushinda, maana hapo mvumo unapanda kutoka 1 hadi 3 tu.

Sehemu ya pili ya jibu ni kwamba s si konsonanti ya kawaida. Kipasuo husikika pale kinapoachiliwa kwenye irabu. Kinyime irabu na sikio linakosa pa kukishika. S haimhitaji mtu. Mzomeo wake unasikika wenyewe, hata mbele ya p iliyofungwa midomo. Ndiyo maana lugha nyingi zinazofuata kanuni ya mvumo kwa uaminifu zinaivunja mahali hapahapa tu, kwenye s na kipasuo, wala hazithubutu kuanza neno na lp au rt. Kirusi kinathubutu, lakini hicho ni kisa kingine. Wanaisimu wengi huiweka s hiyo nje ya silabi, kama abiria aliyening'inia mlangoni mwa daladala: yumo safarini, lakini hajakaa kiti. Mimi nakubaliana nao kwa sehemu. Nakubali kwa binti. Kwa mzee sikubali, kwa kuwa mzee hamwachi abiria mlangoni pale gari linapoanza safari, anamtafutia kiti.

Neno "staa" linafaa kutajwa hapa. Kiswahili hakipendi neno zima la jina liwe na silabi moja tu. "Mbu" lingekuwa silabi moja, lakini m imepandishwa kuwa silabi na kupewa mkazo, m-bu. "Mbwa" vivyo hivyo. Neno la msanii maarufu lilipoingia lilikuwa na s ambayo ingeweza kupandishwa namna hiyohiyo, s-ta. Haikupandishwa. Watu wanasema na kuandika "staa", irabu mbili, sta-a. Ushahidi huu si wa chuma, kwa kuwa Kiingereza chenyewe kina irabu ndefu hapo na masikio yangeweza kuinakili tu. Hata hivyo unalingana na mengine yote: m inaweza kubeba silabi, s haiwezi.

Mpaka wa kanuni yenyewe unaonekana vizuri kwenye mb. Chukua "mbuni", yule ndege, na "mbuni", mtu anayebuni. Namba zao ni zilezile, 3-1-6-3-6. Kwa kanuni ya mvumo m zote mbili ni vilele na maneno yote mawili yana vilele vitatu. Lakini ndege ana mizani mbili, mbu-ni, na mtu ana tatu, m-bu-ni, na mshairi anayezichanganya anaharibu mstari. Mvumo hauwezi kuzitenganisha. Kinachozitenganisha ni asili. M ya mtu ilikuwa "mu", ikadondosha irabu na kubaki na nafasi ya silabi. Kigogo bado kinaisema irabu hiyo wazi, ambapo Kiswahili ni "mtu" chenyewe ni "munhu". M ya ndege haikuwa na irabu tangu mwanzo, na imeshikamana na b hadi zinafanya kazi kama sauti moja. Hivyohivyo "mbunge" ni mizani tatu na "mbuzi" ni mbili. Yeyote anayehesabu mizani kwa ngazi ya mvumo peke yake atakosea kila anapokutana na mb, nd, ng na nj mwanzoni mwa neno. Katika "jembe" au "Bunge" hatakosea, kwa sababu irabu iliyotangulia huiweka nazali kwenye mteremko, kama ilivyofanya "hata" kwa "stendi".

Turudi kwenye karatasi. Nilikuwa na hesabu mbili sahihi za mstari mmoja, na ubeti usioimbika na wote wawili. Kumwambia mzee aandike "Sipika" kungemaliza hesabu yake, lakini cheo hicho kina tahajia yake rasmi, na vijana wa kikundi walioishi mjini wangeisoma "Spika" tu. Kumwongezea mstari mizani moja kwa ajili ya vijana, tuseme "Spika wetu na Wabunge", kungempa binti nane: spi-ka-we-tu-na-wa-bu-nge. Mzee angeimba tisa.

Binti mwenyewe ndiye aliyeona dawa, akaiona kwa haraka kuliko mimi. Kama tatizo ni s kuwa mwanzoni mwa mstari, basi isianze mstari. Weka mbele yake neno linaloishia na irabu, na s itateremka kwa kila mtu. Akaanza na "Ewe Spika", mzee akakataa palepale. Kiongozi huwezi kumwita ewe mbele ya wageni. Wakakubaliana:

Ndugu Spika na Wabunge, twawaletea salamu.

Ndu-gu-spi-ka-na-wa-bu-nge. "Nd" ya "ndugu" haileti mizani ya ziada, ni ya aina ya "mbuzi". S ina "u" mgongoni. Utao umebadilika kutoka "twakuletea" kuwa "twawaletea", mizani nane bado. Mzee akaghani, akakunja vidole vinane. Nikaangalia rekodi yake ya mstari mpya: milia kati ya s na p haikuwepo.

Alijaribu pia kuuanza mstari kwa kusimama baada ya "Ndugu", kama msomaji anayevuta pumzi ili wasikilizaji wasubiri jina. Irabu ikarudi. "Ndugu... Sipika." Kimya kilichokatiza kiliirudisha s kileleni, na mzee akaiegemeza bila kufikiri. Binti ameandika pembeni mwa nakala ya kikundi, kwa wino mwekundu, kwamba hapo wasivute pumzi. Sasa anapitia beti zilizobaki akitafuta maneno yanayoanza na s na kipasuo mwanzoni mwa mstari, na mpaka jana alikuwa amepata "Stesheni" mbili na "Skuli" moja, ambayo mzee ameiweka, anasema, kwa sababu "shule" ilimkatalia mizani.